Kitako cha Kisado: Namna ya Kuandika Video ya Biashara ya Haki kwa Wauzaji wa Sokoni

Anayetaka kutengeneza video ya kuwafundisha wauzaji wa sokoni biashara ya haki ana uamuzi mmoja wa kufanya kabla hata ya kukodi kamera: aanze na mhubiri au aanze na kopo. Wengi huanza na mhubiri. Sauti nzito inasema dhuluma ni mbaya, muziki wa huzuni unapita chini yake, kisha mfanyabiashara mmoja mbaya anafilisika na mmoja mwema anajenga nyumba. Muuzaji wa maharage anaitazama hadi mwisho, anakubali kila neno, na kesho yake anapima kwa kopo lilelile. Hakuwa na ubishi na mhubiri tangu mwanzo. Hakuna mtu sokoni anayetetea wizi. Watu hutetea kopo lao, bei yao na shida zao. Kwa hiyo makala haya yanatetea mswada wa aina nyingine, unaoanza na vitu viwili vinavyoshikika, yaani kisado na daftari la madeni, na unaoonyesha kwamba vitu hivyo viwili ni habari moja. Nasema hivyo si kwa sababu mafundisho ya dini hayafai kwenye video. Ni kwa sababu mafundisho yenyewe, ukiyasoma kwa makini, yanaanzia hapohapo kwenye kopo na daftari.

Tazama Sura ya 83 ya Kurani, ambayo jina lake lenyewe, Al-Mutaffifin, ni la watu wanaopunja vipimo. Sura hiyo haielezi udanganyifu kwa jumla. Inaeleza kosa moja lenye pande mbili: mtu akipokea kwa wengine anadai kipimo kijae, akiwapimia wengine anakipunguza. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko mmoja, kubwa na dogo, na vipimo viwili ndani ya nyumba moja. Hapo pia kosa linaonekana kwenye kifaa. Huhitaji kuingia moyoni mwa mtu kujua kama ni mwaminifu. Fungua mfuko uhesabu mawe. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawataja wafanyabiashara waliokuwa wakingoja sabato ipite wafungue maghala, na anaorodhesha mbinu zao kama mkaguzi wa vipimo: wanapunguza kipimo cha nafaka, wanaongeza uzito wa jiwe la kupimia fedha, wanachezea mizani, kisha wanauza makapi pamoja na ngano. Nabii Shuaibu, ambaye habari zake na watu wa Madiani zimo katika Sura ya Hud, aliwaita watu wake kwa Mungu mmoja, na papo hapo akawaambia wasipunguze vipimo na mizani. Mwandishi wa mswada anayetaka kuwa mwaminifu kwa maandiko haya hana budi kufanya kama yalivyofanya, yaani kutaja kifaa, kukishika na kukigeuza.

Kifaa cha sokoni kwetu kwa sehemu kubwa si mizani. Ni kopo. Pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na pishi ingali hai kila mwisho wa Ramadhani watu wanapotoa zaka ya fitri. Kenya wana gorogoro. Katika masoko mengi ya Tanzania bara na Dar es Salaam kuna kisado, kopo la rangi la lita 4 lililopata jina lake kutokana na nembo ya rangi iliyokuwa ndani yake, na ambalo leo linapimia maharage, viazi, nyanya na dagaa. Tuchukue kopo lenye kipenyo cha sentimita 17 na kimo cha sentimita 18. Likisawazishwa mdomoni linabeba lita 4 na mililita 85 hivi. Sasa kitako chake kikibonyezwa kwa ndani, kigeuke kama mgongo wa sahani, na kile kilima cha ndani kiwe na kimo cha sentimita 2 tu katikati, kopo linapoteza karibu mililita 230. Kwa maharage makavu, ambayo lita moja ina uzito wa karibu gramu 780, hizo ni gramu 180. Ukilitazama kutoka juu likiwa limejaa huoni kitu. Ukilitazama kwa pembeni huoni kitu. Na kopo la bati likitumika miaka mingi hubonyea lenyewe pia, kwa hiyo mwenyewe ana neno la kusema akiulizwa.

Hii ndiyo picha ya kwanza ninayopendekeza, na haihitaji msimulizi. Meza moja, visado viwili vinavyofanana, chupa ya maji ya lita moja. Mkono unamimina chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne katika kopo la kwanza. Maji yanaingia yote na nafasi kidogo inabaki. Kwenye kopo la pili chupa ya nne haijaisha maji yanamwagika mezani. Basi. Mtazamaji wa Kariakoo, wa Kilombero kule Arusha au wa Mwanakwerekwe atakuwa ameelewa bila kuambiwa nani mwizi, na jioni hiyohiyo anaweza kurudia jaribio nyumbani kwa kopo lake. Video ya maadili inayomwachia mtazamaji kitu cha kujaribu kwa mikono yake imekwisha kushinda nusu ya ubishi.

Picha ya pili inahusu kilele, na hapa mswada unahitaji kwenda polepole kwa sababu ndipo pana ujanja wenye sura ya wema. Desturi ya soko ni kwamba kisado cha maharage hakikatwi kwa kijiti mdomoni. Kinajazwa mpaka kifanye kilele, na bei iliyozoeleka ni ya kopo lenye kilele. Kilele chenye kimo cha sentimita 4 hubeba karibu mililita 300. Mteja anasema, "Mama, nijazie bwana, mbona unanipimia hivyo?" Muuzaji anatabasamu, anaokota ngumi moja ya maharage na kuimwaga juu: "Haya mwanangu, hiyo nyongeza yako." Mteja anaondoka ameridhika, pengine anamsifu mbele ya wenzake. Lakini kama kopo ni lile lililobonyea, kilele chote pamoja na ile ngumi kwa sehemu kubwa kimejazia tu nafasi iliyoliwa chini. Kopo lililobonyea lenye kilele lina lita 4 na mililita 155 hivi, karibu sawa na kopo zima lililokatwa mdomoni. Ukarimu ule ni mali ya mteja mwenyewe, imehamishwa kutoka asipoona ikapelekwa anapoona.

Kuhamisha huku kati ya chini na juu ni kosa la kale, na kuna hadithi inayolihusu ambayo mswada usiiache. Imepokewa na Muslim katika Sahihi yake. Mtume Muhammad alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki, naye akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Wengi wakisimulia habari hii hukimbilia onyo la mwisho, kwamba anayeghushi si miongoni mwa watu wake. Mimi naona uzito uko kwenye swali lililotangulia: kwa nini usiiweke juu watu waione? Mtume hakumkataza kuuza nafaka iliyolowa. Hakumwambia aitupe. Alimwambia abadilishe mpangilio wa rundo. Hilo ni agizo ambalo muuza nyanya anaweza kulitekeleza kesho asubuhi: nyanya zilizopasuka zipangwe fungu lake mbele, kwa bei yake, badala ya kulala chini ya fungu zuri. Wapo wanaozitafuta nyanya hizo kwa ajili ya rojo la siku hiyohiyo, na mama lishe ni wa kwanza wao. Kamera isimame juu ya meza na kuonyesha mikono ikipanga upya. Hilo latosha kwa sekunde 30.

Mpaka hapa video ina kopo na rundo, na ingeweza kuishia hapo kama tatizo lingekuwa tamaa tu. Lakini swali ambalo mswada mzuri lazima ulijibu ni kwa nini mtu ambaye kwa miaka mingi alipima sawasawa anaanza kubonyeza kitako. Mara nyingi jibu liko kwenye daftari, si lake, bali la anayemdai. Tuifanye hesabu kwa mfano. Mama anauza maharage, kisado shilingi 10,000, na katika kila kisado faida kabla ya matumizi ni kama shilingi 1,200. Akiuza visado 15 kwa siku anapata 18,000, na humo anatoa ushuru, mzigo, nauli na chakula cha nyumbani. Mtoto akaumwa, au ada ikafika, akachukua mkopo wa shilingi 200,000 wa wale watu ambao mtaani mikopo yao inaitwa kausha damu, arudishe 240,000 kwa siku 30. Marejesho ni 8,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kama fedha ile ingeingia kwenye gunia la maharage, mauzo yangeirudisha. Lakini iliingia hospitali au shuleni, kwa hiyo 8,000 inatoka kwenye ile 18,000, karibu nusu. Sasa piga hesabu ya kitako. Gramu 180 kwa bei yake ni kama shilingi 530 kwa kila kisado; mara 15 ni karibu 8,000. Mbonyeo wa sentimita mbili unalipa marejesho ya siku, takriban shilingi kwa shilingi. Nimechagua tarakimu hizi ili hesabu ifuatike, na kila soko lina bei zake, lakini uwiano hauko mbali na maisha. Nyundo inainuliwa asubuhi ile mkusanya marejesho anapopita.

Ndiyo maana nasema kipimo na deni ni habari moja, na video inayofundisha kipimo bila deni inamtaka muuzaji aache dawa bila kumwonyesha ugonjwa. Na hapa tena maandiko yametangulia. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, si ya sala wala ya pepo. Ni ya kuandika deni. Inaagiza deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono imeruhusiwa isiandikwe. Ndani ya aya hiyo kuna agizo moja ambalo wachache hulitilia maanani: anayetamka maneno ya kuandikwa ni mdaiwa. Yule ambaye haki iko juu yake ndiye anayesoma kwa sauti anachodaiwa, na kama hawezi, basi msimamizi wake asome kwa niaba yake. Fikiria jinsi tunavyofanya sisi. Mwenye duka la jumla anatoa mali kauli, gunia moja la maharage la kulipwa baada ya mauzo, anainama kwenye daftari lake, anaandika, analifunga na kulirudisha kwenye droo. Mchuuzi hajui kilichoandikwa. Baada ya wiki mbili yeye ana hesabu yake kichwani, tajiri ana yake kwenye karatasi, na kwa kawaida karatasi ndiyo inayoshinda.

Picha ya tatu basi iwe ya dakika nzima, na iwe mazungumzo. Mchuuzi amesimama kaunta, tajiri ameshika kalamu lakini haandiki. "Haya dada, sema wewe, mimi naandika," anasema. "Gunia moja la maharage, kilo 100, nimelichukua leo Jumatatu kwa shilingi 260,000. Nitalipa 130,000 Ijumaa hii na 130,000 Ijumaa ijayo." Tajiri anaandika, analigeuza daftari, mchuuzi anasoma au anasomewa na mpagazi aliyesimama pembeni, anatia sahihi au dole gumba, mpagazi anatia lake. Kisha mchuuzi anatoa simu na kulipiga picha lile jani. Hakuna gharama hapo zaidi ya wino. Lakini mambo matatu yamebadilika: kiasi kimejulikana kwa wote wawili, tarehe imejulikana, na siku akilipa sehemu kuna mahali pa kukata. Anayesema kwamba kuandikiana ni kutoaminiana aisome aya tena; imeandikwa kwa ajili ya watu wa imani moja wanaokopeshana, na kwa hiyo yenyewe haikuona aibu kudhani kwamba ndugu wawili waaminifu wanaweza kusahau.

Upande wa anayedai nao una mafundisho yake, na mswada utakaowakemea wachuuzi peke yao utakuwa umepunja. Aya mbili kabla ya ile, mdai anaagizwa kumngoja mdaiwa aliyebanwa mpaka apate nafuu, na kusamehe kunasemwa kuwa bora zaidi. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu huko ni kushika uhai wa mtu. Sheria hiyohiyo inamwagiza mkopeshaji asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mdaiwa aitoe mwenyewe. Kwa yeyote anayejua jinsi baadhi ya wakusanya marejesho wanavyoingia sebuleni na kubeba jokofu la juisi au cherehani, maneno hayo ya maelfu ya miaka hayana ukale wowote. Jokofu kwa muuza juisi ni jiwe la kusagia. Ukilibeba umechukua chombo ambacho kingekulipa. Haki hii haimpi mdaiwa ruhusa ya kuzembea, hata hivyo: hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inamhesabu tajiri anayechelewesha deni kuwa dhalimu, na video iwaonyeshe pia wateja wenye mishahara wanaokula kwa mkopo kwa mama lishe mwezi mzima na kubadili njia tarehe 30. Mama huyo naye ana kijiko cha kupimia wali, na kijiko kinajua kupungua.

Pingamizi zinakuja, na ya kwanza ndiyo nzito. Muuzaji atasema: nikinyoosha kitako changu na jirani asinyooshe, mimi nitakufa njaa kwa haki yangu. Hatuwezi kumjibu kwa ahadi kwamba baraka zitakuja. Tumjibu kwanza kwa hesabu. Yule anayehitaji 8,000 anaweza kupandisha kisado kizima hadi 10,500. Kwa visado 15 anapata 7,500, karibu pengo lote. Hilo si dhuluma. Bei iliyotajwa wazi na kukubaliwa si wizi, na imepokewa kwamba Mtume, watu walipomwomba awapangie bei wakati wa ughali, alikataa. Alichokikemea ni kilichofichwa. Tena ukigawa kwa kilo, kopo zima lenye kilele la 10,500 lina bei ya kama shilingi 3,070 kwa kilo, na kopo lililobonyea la 10,000 linatoka kama 3,090. Muuzaji wa haki siye mwenye bei kubwa. Anaonekana tu kuwa hivyo. Tabu ni kwamba mteja haoni kilo, anaona 10,500 na 10,000, na anaenda kwa jirani. Hapa nakiri kwamba muuzaji mmoja peke yake kweli anaumia, na video inayomwambia asimame peke yake inamdanganya. Suala ni la safu nzima. Miji ya Kiislamu ya zamani ilikuwa na muhtasibu, ofisa aliyezunguka masokoni kukagua vipimo, kwa sababu walijua kwamba uaminifu wa mmoja haudumu pembeni mwa udanganyifu wa wengine kumi. Sisi tuna Wakala wa Vipimo, na kila soko lina mwenyekiti. Kopo moja zima, lililopimwa kwa maji mbele ya watu, likining'inizwa ofisi ya soko na mteja yeyote akaruhusiwa kuliazima, linampa muuzaji mwaminifu kitu cha kumwonyesha mteja wa 10,500. Picha ya nne iwe hiyo.

Pingamizi ya pili ni ya lumbesa. Wachuuzi husema wao ndio wa mwisho kwenye mnyororo wa dhuluma. Madalali wanawapunja, matajiri wanawapunja, basi nao wafanyeje? Ni kweli mnyororo upo. Huko shambani gunia linajazwa, linashonewa kofia ya wavu juu, linapakiwa tena, na mkulima analipwa gunia moja, ingawa taratibu za vipimo nchini zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini tazama ni nani anayenufaika lumbesa inapofika mjini na kufunguliwa. Anayenunua kwa gunia lililozidi na kuuza kwa kopo lililopungua ndiye hasa yule wa Sura ya 83, mwenye kudai kujaa anapopokea na kupunguza anapotoa, na ndiye mwenye mawe mawili mfukoni. Dalali hakumwachia dhuluma tu. Alimwachia na fungu lake. Mswada usiogope kusema hivyo, mradi uoneshe pia uso wa mkulima, ambaye katika video za soko huwa haonekani kabisa.

Wapo watakaosema tatizo ni kopo lenyewe, kwamba dawa ni kila mtu anunue mizani na hadithi iishe. Nakubaliana nao nusu. Kisheria biashara inatakiwa kufanywa kwa vipimo vilivyohakikiwa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na mizani iliyohakikiwa ni bora kuliko bati lolote. Ila mizani nayo huchezewa: mshale unaanzia mbele ya sifuri, sahani inaegemezwa kitu, meza inainamishwa. Mtazamaji afundishwe mambo mawili tu, kutazama sifuri kabla bidhaa haijawekwa na kutafuta stika ya uhakiki wa mwaka huo. Zaidi ya hapo, mteja mwenye shilingi 500 ya dagaa hataacha kununua kwa fungu kesho, na video inayosubiri mizani kwa kila mtu haitamfaa muuzaji wa leo.

Kuna wasiwasi pia kuhusu dini yenyewe. Soko ni la watu wa imani mbalimbali, na kuna watakaoogopa kwamba kunukuu kitabu kimoja kutawafukuza wengine. Hofu hiyo ingekuwa na maana kama vitabu vingepingana juu ya kopo. Havipingani. Hiki kimetaja mawe mawili, kile kimetaja kujaza na kupunguza. Viwekwe kimoja baada ya kingine, sura na aya zikionekana chini ya kioo ili kila mtu akahakikishe mwenyewe, na uso unaoonekana uwe wa muuzaji, si wa shehe wala padri. Wengine wanasema kuonyesha jinsi kitako kinavyobonyezwa ni kuwafundisha wezi. Wezi wanajua. Asiyejua ni mteja, na kila siku anayoendelea kutojua, aliyenyoosha kopo lake anapoteza mteja kwa asiyenyoosha.

Kwa hiyo watakaoandika mswada huu, iwe ni kikundi cha kanisa, madrasa, chama cha wafanyabiashara au halmashauri, naomba wafanye mambo mawili kabla ya kupiga picha. Waende na chupa ya maji ya lita moja sokoni, waazime visado kumi vinavyotumika, wavipime hadharani kwa ridhaa ya wenyewe, na waandike mswada kutokana na walichokikuta badala ya walichokidhani. Kisha wampelekee mswada mchuuzi mwenye deni, wamsomee ile sehemu ya daftari, na wamuulize kama tajiri wake anaweza kukubali kuandika kwa namna hiyo. Akisema hawezi, wamuulize kwa nini, na sababu hiyo iingie kwenye video.